Faida milioni 9, droo laki 9: tunaandika taarifa ya mtiririko wa fedha

Mugonile! Kamera leo nimeiegemeza kwenye ndoo ya maharage, ikitikisika mnivumilie. Na baridi hii ya Mbeya mwezi wa saba, mkono hauandiki vizuri, kwa hiyo msicheke mwandiko.

Leo tunafanya taarifa ya mtiririko wa fedha. Mfano ni wa dada mmoja ananunua mpunga Ubaruku, anakoboa, mchele anauza Mwanjelwa. Namba nimezibadilisha ili siri zake zibaki zake, lakini swali lake ni lilelile alilonijia nalo: “Kaka, karatasi inasema nimepata faida milioni 9. Mbona nina laki 9 tu?”

Chukua kaunta buku, ukurasa mmoja mtupu. Gawa sehemu tatu: uendeshaji, uwekezaji, ugharamiaji. Uendeshaji ni biashara yenyewe, kununua mpunga na kuuza mchele. Uwekezaji ni vitu vya kukaa miaka, kama mashine, gari, kiwanja. Ugharamiaji ni mahali mtaji ulikotoka na unakorudi, yaani mkopo na mfuko wa mwenye biashara. Hapo hamna ugumu, twende.

Uendeshaji. Mstari wa kwanza andika faida baada ya kodi, 9,000,000. Kodi yote ya mwaka ameshalipa, hatutaisumbua. Chini yake jumlisha uchakavu wa mashine, 2,400,000. Kwa nini tunajumlisha? Kwa sababu ulipunguza faida, lakini hakuna mtu aliyefungua droo akamlipa “bwana uchakavu”. Tunaurudisha tu.

Sasa sogeeni karibu. Hapa mimi nilishawahi kuharibu kazi ya mteja mzima mzima, nikarudia usiku kucha. Dada huyu aliuza mashine yake ya zamani kwa 3,000,000. Kwenye vitabu ilikuwa imebaki na thamani ya 2,200,000. Kwa hiyo kuna faida ya kuuza, 800,000, nayo imeshaingia ndani ya ile milioni 9 ya juu. ITOE. Andika 800,000 kwenye mabano. Sisi wahasibu mabano ndiyo alama yetu ya kutoa.

Narudia: itoe hapa, halafu kule kwenye uwekezaji utaandika milioni 3 yote. Usiandike milioni 2.2 kule, wala laki 8. Fedha aliyoshika mkononi ni milioni 3. Ukiacha laki 8 hapa na ukaandika milioni 3 kule, umehesabu laki 8 mara mbili. Mimi ndicho nilichofanya. Na angeuza kwa hasara, hiyo hasara ungeijumlisha, maana nayo ni ya kwenye karatasi tu.

Subirini bodaboda ipite... Haya.

Tunakuja kwa wadaiwa, waliochukua mchele bado hawajalipa. Mwanzo wa mwaka walikuwa na 3,000,000, mwisho wa mwaka 7,500,000. Wameongezeka kwa 4,500,000. Hayo ni mauzo yaliyomo kwenye faida, ila fedha iko mifukoni mwa watu. Toa. Mpunga na mchele stoo ulikuwa wa 6,000,000, sasa 11,000,000. Amegeuza milioni 5 kuwa magunia. Toa. Nilimwambia dada, “Fedha yako imelala stoo, ukiweka sikio utaisikia inakoroma.” Hakucheka.

Wadai sasa, yaani wakulima anaowadai... samahani, wanaomdai yeye. Haya maneno mawili yatanitoa roho. Walikuwa wanamdai 1,500,000, sasa 3,400,000. Ameshapokea mpunga wa 1,900,000 zaidi ambao hajaulipia, kwa hiyo fedha imebaki kwake. Jumlisha.

Jumla ya uendeshaji, kalkuleta... inakuja hasi 800,000. Mh. Haya, tuendelee, tutaona.

Uwekezaji ni mfupi. Mashine mpya ya kukoboa, toa 12,000,000. Mashine ya zamani, ingiza 3,000,000, ileile niliyowapigia kelele. Jumla imetoka 9,000,000.

Ugharamiaji. Mkopo wa benki umeingia 10,000,000. Amerejesha 2,500,000, na hapo ni mkopo wenyewe tu bila riba. Usichukue rejesho zima la kila mwezi ukalitupa hapa. Riba yake imeshakatwa kwenye faida kule juu, nami hupenda kuiacha hukohuko uendeshaji. Kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IAS 7, imekuwa ikiruhusu uchague uendeshaji au ugharamiaji, ila wanaotumia kanuni nyingine, IFRS 18, inayoanza 1 Januari 2027, kwa biashara za kawaida kama hizi riba inayolipwa itakaa ugharamiaji. Mwisho, dada alichota 3,200,000 za matumizi ya nyumbani. Hiyo si gharama ya biashara, ni mwenye mtaji anajirudishia, kwa hiyo toa hapa. Jumla imeingia 4,300,000.

Unganisha: hasi laki 8, toa milioni 9, jumlisha milioni 4.3. Fedha imepungua 5,500,000. Alianza mwaka na 2,600,000. Kwa hiyo amebaki na... hasi 2,900,000?

Jamani. Droo haiwezi kuwa na hasi. Sikati hapa, wacha muone.

Tumehesabu droo, benki na laini ya simu, jumla ni 900,000. Karatasi inasema hasi 2,900,000. Tofauti ni 3,800,000. Igawe kwa mbili, 1,900,000. Sasa tafuta 1,900,000 kwenye ukurasa. Ile pale, wadai! Mdomo umesema jumlisha, mkono umeweka mabano. Ukikosea alama, tofauti huwa ni namba ileile mara mbili, ndiyo maana nusu yake inakupeleka mlangoni kwa mkosaji. Kama tofauti ingekuwa laki 8 kamili, mngejua ni nini. Ndiyo, faida ya mashine. Sisemi tena.

Futa mabano. Uendeshaji sasa ni 3,000,000. Toa 9,000,000, jumlisha 4,300,000, fedha imepungua 1,700,000. Alianza na 2,600,000, amebaki na 900,000. Imekaa.

Msimalize hapo, usomeni ukurasa wenyewe. Faida milioni 9, lakini biashara imeleta fedha milioni 3 tu. Milioni 4.5 wanazo wateja, milioni 5 ziko kwenye magunia. Mashine mpya imelipiwa kwa mkopo, na mwaka ujao mkopo wenyewe unataka marejesho ya milioni 4. Uendeshaji ukibaki milioni 3, hautoshi hata kabla hajachota ya nyumbani. Mimi nilimshauri auze mchele uliolala stoo kabla ya kununua mpunga mwingine, na wa Mwanjelwa waliochukua kwa mkopo awape wiki mbili, zisizidi. Magunia aliyauza. Wiki mbili bado anabishana nao.

Kaunta buku zenye mistari ya sehemu tatu tayari nimechora, ziko dukani kwangu Uyole. Jamani, ndoo inaanguka, ndoo ina...