Kurusha Shilingi kwa Simu: Ahadi ya Hashi na Mahali Inapovuja

Mabibi na mabwana, nawashukuru kwa kufika.

Mwaka 1981 mwanasayansi wa kompyuta Manuel Blum aliwasilisha tatizo ambalo kwa mtazamo wa kwanza linaonekana dogo. Mume na mke wameachana, kila mmoja anaishi mji wake, hawaaminiani tena, na wanataka kurusha shilingi kwa simu ili waamue nani achukue gari. Anayerusha akisema imeangukia upande wa sura, aliye upande wa pili wa simu hana namna ya kuhakikisha. Blum alilitatua kwa nadharia ya namba, akitumia zao la namba tasa mbili kubwa, ambalo ni rahisi kulipata kwa kuzidisha lakini ni vigumu mno kulichambua ili kuzirudia zile namba mbili. Leo nitalitatua kwa chombo kingine, ambacho kimo tayari katika kompyuta nyingi mlizo nazo, nacho ni hashi. Kisha nitatumia muda mrefu zaidi kueleza mahali utaratibu huu unapovuja, kwa sababu wanaoutumia vibaya hawaoni dalili yoyote mpaka wameshadhulumiwa.

Hashi ya SHA-256 hupokea maandishi ya urefu wowote na kutoa biti 256, ambazo kwa kawaida huandikwa kama mfuatano wa alama 64, zikiwa tarakimu 0 hadi 9 na herufi a hadi f. Maandishi yaleyale hutoa matokeo yaleyale kila mara na kwenye kila mashine, na ukibadilisha hata herufi moja tu, matokeo hubadilika yote. Hakuna njia inayojulikana ya kuanza na matokeo na kurudi kwenye maandishi isipokuwa kubahatisha maandishi moja baada ya jingine, wala hakuna njia inayojulikana ya kupata maandishi mawili tofauti yenye matokeo mamoja.

Sasa tuwachukue watu wawili, Rehema na Daudi. Wanakubaliana kwamba 0 ni upande wa sura na 1 ni upande wa namba. Rehema anachagua upande kwa siri, anakokotoa hashi ya chaguo lake na kumsomea Daudi matokeo. Daudi anayaandika yote, kisha anataja kwa sauti upande anaoukisia. Hapo ndipo Rehema anapofichua alichochagua, na Daudi anakokotoa hashi mwenyewe ili aone kama inalingana na aliyosomewa. Daudi akiwa amepatia, ameshinda, na akiwa amekosea, Rehema ameshinda. Angalieni uzuri wa mpango huu: inatosha mmoja wao achague kwa nasibu ya kweli, na matokeo yatakuwa nusu kwa nusu, hata kama mwenzake ana tabia ya kuchagua 0 kila siku.

Matokeo yale ya hashi tunayaita ahadi, na ahadi hiyo inadaiwa mambo mawili. La kwanza ni kuficha, yaani Daudi asijue lolote kuhusu chaguo kabla hajakisia. La pili ni kufunga, yaani Rehema asiweze kubadili chaguo baada ya kusikia kisio. Haya ni mambo mawili tofauti, yanalindwa na vitu viwili tofauti, na kila moja lina namna yake ya kuvunjika.

Tuanze na kuficha. Tuseme Rehema amefanya kama nilivyoeleza hivi punde, neno kwa neno: amechagua 0, akakokotoa hashi ya alama hiyo moja, akaanza kusoma. Anachosoma ni hiki:

```
5feceb66ffc86f38d952786c6d696c79c2dbc239dd4e91b46729d73a27fb57e9
```

Kwa macho haya ni fujo tupu. Lakini Daudi anajua kwamba kuna machaguo mawili tu, kwa hiyo alishakokotoa hashi ya 0 na hashi ya 1 kabla simu haijaita. Hashi ya 1 huanza na 6b86b273. Rehema akitamka "tano, f", Daudi ameshajua. Hashi haikuvunjwa na wala haikuhitaji kuvunjwa, kwa maana hashi haifichi kitu ambacho mtu anaweza kukibahatisha. Hili ndilo kosa ninaloliona mara nyingi kuliko mengine yote, na linaniudhi kwa sababu mtendaji huondoka akiamini kwamba amejilinda.

Dawa yake ni kuchanganya chaguo na mfuatano mrefu wa nasibu, ambao nitauita chumvi kama wanavyouita watu wa usalama wa kompyuta. Urefu wake ni jambo la hesabu. Rehema akitumia namba ya tarakimu sita, kuna chumvi milioni moja na machaguo mawili, kwa hiyo Daudi ana maandishi milioni mbili ya kujaribu, kazi ambayo kompyuta ya kawaida huimaliza kwa sekunde chache, pengine akiwa bado anasafisha koo kabla ya kutaja kisio. Chumvi ya biti 128, ambayo ni alama 32, inamnyima njia hiyo kabisa. Kwenye kompyuta yenye vifaa hivi, Rehema anaandika hivi:

```
c=$(openssl rand -hex 16)
echo "$c"
printf '%s' "0:$c" | sha256sum
```

Mstari wa kwanza unatengeneza chumvi na wa pili unaionyesha ili aiandike pembeni, maana akiipoteza hataweza kuthibitisha chochote. Wa tatu unatoa ahadi. Chumvi hubaki siri mpaka Daudi akisie, kisha hutajwa pamoja na chaguo. Nimetumia `printf` kwa makusudi. Amri ya `echo` huongeza alama ya mstari mpya mwishoni, na alama hiyo huingia kwenye hesabu ingawa haionekani. Rehema akitumia moja na Daudi nyingine, hashi hazitalingana hata kidogo, na watu wawili waaminifu wataanza kushutumiana. Hashi zikikataa kulingana, basi, kagueni kwanza nafasi, mstari mpya, na herufi kubwa na ndogo, kabla ya kumwita mtu mwongo. Kwa sababu hiyohiyo umbo la maandishi likubaliwe mapema: chaguo, nukta mbili, kisha chumvi ya alama 32 kamili.

Tuje kwenye kufunga, ambako tapeli anayewezekana ni Rehema. Kusoma alama 64 kwa simu kunachosha, na Daudi, kwa wema wake, anaweza kusema, "Dada, nisomee nane za mwanzo, zinatosha." Zingetosha kama Rehema angekuwa na ahadi moja tu. Lakini hakuna anayemzuia kuandaa nyingi. Alama nane ni biti 32, yaani michanganyiko kama bilioni 4.3, na mtu hudhani kwamba Rehema angehitaji majaribio bilioni kadhaa ili kupata mgongano, yaani maandishi mawili tofauti yenye alama zilezile. Hahitaji. Anatengeneza maandishi 65,000 yanayoanza na 0 na mengine 65,000 yanayoanza na 1, kila moja na chumvi yake, kisha anatafuta moja la kundi la kwanza na moja la kundi la pili ambayo hashi zake zinafanana alama nane za mwanzo. Kila moja la kundi la kwanza hulinganishwa na kila moja la pili, kwa hiyo jozi zinazolinganishwa zinafika zaidi ya bilioni nne. Uwezekano wa kupata walau jozi moja inayogongana ni karibu theluthi mbili, na akizidisha makundi hayo mara mbili, anakaribia kuwa na hakika. Yote hayo ni kazi ya sekunde chache.

Akishapata jozi hiyo, anamsomea Daudi alama nane zilezile. Daudi akikisia 0, Rehema anafichua maandishi ya 1. Akikisia 1, anafichua ya 0. Daudi anakagua, hashi inalingana, na anashindwa kila siku bila kuona kasoro. Kanuni ya jumla ni kwamba kutafuta mgongano kunagharimu majaribio ya 2 kipeo cha nusu ya biti zilizosomwa: biti 32 huangushwa kwa majaribio ya kiwango cha 2 kipeo cha 16, ilhali biti zote 256 zingedai 2 kipeo cha 128, jambo lisilofikika. Kwa hiyo asome zote, au azitume kwa ujumbe wa maandishi kabla ya kisio. Na msitumie hashi za zamani za MD5 wala SHA-1 kwa kazi hii: migongano ya MD5 ilionyeshwa hadharani mwaka 2004 na ya SHA-1 mwaka 2017, na mgongano ndio hasa silaha ya Rehema.

Niguse kwa ufupi mpango mwingine unaopendwa, ambapo wote wawili wanatoa ahadi, kisha wote wanafichua, na machaguo yakifanana Daudi anashinda. Unaonekana wa haki zaidi, lakini Daudi anaweza kurudia ahadi ya Rehema alama kwa alama bila kujua ina nini, akasubiri Rehema afichue, kisha akarudia ufichuzi uleule. Machaguo yatafanana daima. Ukiutumia mpango huu, jina la mtoaji liingizwe ndani ya maandishi yanayokokotolewa, ili ahadi iliyonakiliwa ifichuke kwamba ni ya mwingine.

Limebaki jambo ambalo hashi haiwezi kulitibu. Daudi akishataja kisio, Rehema anajua matokeo kabla ya Daudi. Akiona ameshindwa, anaweza kukata simu. Ahadi haikuvunjwa, haikufunguliwa tu. Tuseme Daudi, kwa kukosa la kufanya, anarusha shilingi yake mwenyewe kwa uaminifu na kuyashika matokeo hayo. Nusu ya nyakati Rehema amepata alichotaka kwa njia ya kawaida. Katika nusu iliyobaki anakata simu na bado ana nafasi moja kati ya mbili. Jumla yake ni robo tatu. Mwaka 1986 Richard Cleve alithibitisha kwamba hakuna utaratibu wa watu wawili unaoliondoa tatizo hili kabisa: ukiwa na mizunguko r ya mawasiliano, mmoja wao anaweza kuyapinda matokeo kwa kiasi cha kiwango cha 1/r. Kuongeza mizunguko hupunguza upendeleo, hakuufuti.

Kwa mume na mke wa Blum kuna kinga, kwa kuwa kila mmoja anajulikana anataka nini: wanakubaliana kabla ya kuanza kwamba asiyefichua ameshindwa, na Rehema anayekata simu analikosa gari vilevile. Kanuni hiyo inahitaji pia muda wa mwisho, tuseme saa 24, kwa kuwa simu iliyokatika yenyewe na simu iliyokatwa kwa hila hazitofautiani masikioni mwa Daudi. Lakini biti hiyo, yaani 0 au 1 inayotokana na mrusho, ikihitajika kwa kazi isiyo na mshindi wala mshindwa, kwa mfano kuamua nani kati ya watu wengi akaguliwe kwanza, kumtangaza Rehema kuwa ameshindwa hakumpi mtu yeyote biti ya nasibu. Hapo watu wawili peke yao hawatoshi. Itabidi waongeze wahusika ambao wengi wao ni waaminifu, au wachukue nasibu kutoka chanzo ambacho hakuna kati yao anayekimiliki.