Ethiopia haiko nyuma miaka saba

(Mhadhara, umeandikwa kama ulivyotolewa)

Haya asanteni, tukae jamani, muda wenyewe nimepewa kiduchu na mnanijua mimi nikianza sinyamazi. Naanza na ile kauli inayonikera kila mwaka ikifika Septemba, simu inajaa meseji eti "Wahabeshi ndo kwanza wanaingia mwaka fulani, wako nyuma miaka saba, tuhamie huko tuwe vijana tena". Wengine wanaweka na vikatuni. Nimeshachoka kujibu mmoja mmoja ndo maana leo nawajibu wote kwa pamoja.

Kwanza, hakuna aliye nyuma. Wao na kalenda hii ya Gregori wote wanahesabu kutoka kwa Yesu, tofauti ni kwamba mahesabu yalipigwa na watu wawili tofauti. Aleksandria, mwanzoni mwa karne ya 5, kulikuwa na mtawa anaitwa Aniano, akapiga hesabu zake. Roma, mwaka 525, akaja Dionisio na zake, na hazikulingana. Kanisa la Ethiopia lilikuwa linamtazama Aleksandria, halikuwa na habari na Roma, likabaki na hesabu ya Aniano. Basi, ni hilo tu. Sasa aliyekwambia Dionisio ndo alipatia ni nani? Wataalamu wengi leo wanasema Yesu alizaliwa kabla hata ya mwaka 1 wa Dionisio, kwa hiyo kama ni kukosea wote wawili walikosea, tuache kuchekana.

Na wewe unayecheka, saa yako ya mkononi ikisoma 7 asubuhi unasema saa ngapi? Saa moja, si ndiyo? Haya, na Mhabeshi naye anasema saa moja, siku yake inaanza jua likichomoza kama yako. Ukifika Addis Ababa mtu akikwambia tuonane saa tatu asubuhi wewe Mswahili hutapotea, atakayepotea ni mgeni mwingine kabisa. Kwa hiyo sisi ndo watu wa mwisho wa kushangaa kwamba namba ya saa au ya mwaka inategemea umeanza kuhesabia wapi.

Pili, hata hiyo saba yenyewe sio saba kila siku. Mwaka wao mpya, Enkutatash, yaani tarehe 1 Meskerem, unaangukia Septemba 11. Kuanzia hapo mpaka Desemba 31 tofauti ni miaka saba. Januari 1 sisi tunaruka mwaka, wao bado, tofauti inakuwa minane mpaka Septemba nyingine. Hapa ndo watu wanaumia, na hii kesi nawaambia kila mahali, waliokwisha kuisikia mnivumilie.

Kijana kaja na cheti chake cha kuzaliwa cha kwao, tarehe 15/5/1995. Anaomba nafasi ya masomo, ni mwaka 2022, mwisho wa umri miaka 21. Karani wa kwanza, ofisi siitaji, akasoma kama alivyofundishwa shule, 15 Mei 1995, kijana ana miaka 27, faili pembeni. Kijana akakata rufaa. Karani wa pili huyu mjanja, amesikia habari za saba, akaongeza saba, 15 Mei 2002. Kidogo afadhali lakini bado uongo, kwa sababu mwezi wa tano wao sio Mei! Miezi yao inaanza Septemba, hesabu na mimi, Meskerem, Tikimt, Hidar, Tahsas, Tir, wa tano ni Tir. Na Tir inaanza Januari 9. Karani wa tatu akajua hilo, akaandika 23 Januari 2002, akapiga muhuri, akajisifu. Mwaka mzima umepotea hapo, maana Januari inaongezwa minane, sio saba.

Njia yenyewe ni rahisi, msiruke hatua. Tafuta kwanza mwaka wao ulianza lini kwetu: 1995 jumlisha 7 ni 2002, kwa hiyo 1 Meskerem 1995 ni Septemba 11, 2002. Halafu tembea mbele. Miezi minne ya siku thelathini thelathini ni siku 120, unatua Januari 9, 2003, hiyo ni 1 Tir. Ongeza siku 14, umefika 23 Januari 2003. Kijana alikuwa na miaka 19. Namba zile zile za cheti kimoja zimetoa watu wanne wa umri tofauti.

Sasa mtu ataniuliza, mbona wao wana miezi 13, inatoka wapi. Miezi 12 yote ina siku 30 kamili, hakuna mambo ya kukunja ngumi na kuhesabu vifundo vya vidole. Hiyo ni siku 360, zinazobaki tano ndo mwezi wa 13, Pagume. Asili yake ni Misri ya kale, na Wakopti mpaka leo wana mpangilio huo huo na mwaka mpya siku hiyo hiyo, ila wao wanahesabu miaka tangu Kaisari Diokletiano, 284, kwa hiyo namba ya mwaka iko mbali kabisa. Kila mwaka wa nne Pagume inakuwa na siku sita. Miaka wanaipa majina ya wainjilisti, Matayo, Marko, Luka, Yohana, halafu inarudi, na wa Luka ndo mrefu. Ukiisha huo, mwaka mpya unasogea Septemba 12, kama ilivyokuwa 2023. Kwa hiyo ukikokotoa tarehe jiulize kwanza mwaka uliotangulia ulikuwa wa Luka au la: gawa kwa nne, ikibaki tatu ni Luka.

Na aliyezaliwa 6 Pagume je? Kwanza fomu ya kompyuta inamkatalia, mwezi 13 hauupati kwenye orodha, karani anamchagulia Desemba ili mambo yaende. Halafu watalii miaka mingi waliambiwa Ethiopia ni nchi ya miezi 13 ya jua. Jua gani? Pagume ni mwishoni mwa masika yao, siku ya tatu, sikukuu ya malaika Rufael, watu wanatoka nje makusudi wanyeshewe, ni baraka!

Nimeonyeshwa karatasi ya dakika tano, haya haraka haraka. Vita ya Adwa, ile Ethiopia iliyowashinda Waitalia, ilipiganwa Machi 1, 1896, lakini sikukuu yake Ethiopia ni Machi 2. Kuna mtu aliniandikia kwa ukali kwamba serikali yao imekosea. Haijakosea, wanaadhimisha 23 Yekatit, mwezi wao wa sita, na siku hiyo mwaka 1896 ilikuwa Machi 1. Mwaka 1900 Gregori aliiruka Februari 29, wao hawaruki kamwe, kila mwaka wa nne ni mrefu bila ubaguzi, tarehe zikaachana siku moja. Mwaka 2100 ataruka tena, Adwa itahamia Machi 3 na Enkutatash itakuwa Septemba 12 kwa kawaida.

Eritrea serikali inatumia Gregori, kanisa linabaki na la zamani. Wasidama wana mwaka mpya wao kabisa, Fichee, unapangwa na wazee wanaotazama nyota, huo sio wa Meskerem msichanganye. Na Makunduchi kule Unguja, kwenye Mwaka Kogwa, nilitaka nikae hapo, maana hesabu ya zamani ya pwani ni miongo 36 ya siku kumi kumi, halafu siku tano juu yake, yaani 360 na tano zile zile, ila haina siku ya sita, ndo maana ikiachwa yenyewe inarudi nyuma siku moja kila miaka minne... sawa mwenyekiti, nimekuona, nakaa.