Kutoka daftari la mhadhara hadi orodha ya hatua: kupimana presha wawili wawili

Walimu wenzangu na ndugu wanafunzi, habari za asubuhi.

Fungueni daftari kwenye somo la kupima presha kwa mashine ya kupampu. Wengi mtakuwa na sentensi inayokaribiana na hii: "Muuguzi atahakikisha mgonjwa ametulia, atafunga kafu, atajaza hewa hadi mapigo yapotee, kisha ataachia taratibu huku akisikiliza." Kwa kusoma, haina kosa. Sasa mpe kalamu mwenzako akusimamie ukipima, umuulize ataweka tiki wapi. Atakwama. Taratibu ni kiasi gani? Mapigo yapi, yale unayoshika kwenye kifundo cha mkono au unayoyasikia kwenye stetoskopu?

Kwa hiyo kanuni ninayoitumia ni moja: kila namba ibebe tendo ambalo mwenzako anaweza kuliona, kulisikia au kulihisi kwenye mwili wake. Vitenzi kama "hakikisha", "zingatia" na "elewa" havionekani, futa. "Ametulia" inageuka kuwa ameketi dakika 5, mgongo umeegemea, nyayo ziko sakafuni, miguu haijapishana. Hayo yanakagulika, na kila moja lina sababu: mgongo usioegemea na miguu iliyopishana hupandisha presha.

Penye kazi kubwa ni pale kwenye "kujaza hewa hadi mapigo yapotee". Maneno hayo matano yamemeza hatua tatu. Kwanza unashika mapigo ya kifundo cha mkono, unapampu, unataja namba yanapopotea. Pili unatoa hewa yote na kusubiri. Tatu unaweka stetoskopu na kupampu upya, safari hii 30 juu ya ile namba. Wanafunzi huruka ya kwanza wakiona inapoteza muda. Lakini kuna wagonjwa, hasa wenye presha ya juu, ambao milio yao husikika, ikatoweka, halafu ikarudi chini zaidi. Chukua mtu ambaye sistoli yake ni 180, milio inapotea kwenye 160 na kurudi kwenye 140. Aliyepampu hadi 150 kwa mazoea ataanza kusikia kwenye 140, na ataandika 140 akiwa na imani kabisa. Vidole havidanganywi na ukimya huo, kwa sababu mapigo ya mkono yanaendelea hata milio ikikatika.

Tukiivunja sentensi yote, tunapata orodha hii. Nyota ni hatua ambayo ukiikosa, kipimo kizima kinarudiwa.

1. Nawa mikono, jitambulishe, omba ridhaa.
2. Uliza kama ndani ya dakika 30 amekunywa kahawa au chai, amevuta sigara au amefanya mazoezi, na kama anabanwa na mkojo.
3. Uliza kama mkono huo una dripu, fistula ya dayalisisi, au kama alifanyiwa upasuaji wa titi upande huo.
4. Mketishe dakika 5 kama tulivyosema.
5. Toa nguo mkononi. Egemeza mkono mezani, kiganja juu, sehemu ya kafu iwe usawa wa moyo.*
6. Zungusha kafu na usome mistari yake: ukingo uangukie ndani ya eneo lililoandikwa.*
7. Papasa ateri upande wa ndani wa kunjo la kiwiko.
8. Funga kafu, alama ya ateri juu ya ateri, ukingo wa chini sm 2 hadi 3 juu ya kunjo.
9. Shika mapigo ya kifundo cha mkono, pampu, taja kwa sauti namba yalipopotea.*
10. Toa hewa yote, subiri sekunde 30 hadi 60.
11. Weka stetoskopu juu ya ateri bila kuisokomeza chini ya kafu. Pampu hadi namba ya hatua ya 9 ongeza 30.*
12. Shusha mmHg 2 hadi 3 kwa sekunde.*
13. Soma geji mlio wa kwanza unaposikika, na tena milio inapokoma kabisa. Kisha toa hewa yote.
14. Andika papo hapo namba zote mbili, mkono uliopimwa na saa.
15. Rudia baada ya dakika 1 hadi 2.

Sasa tatizo la kuwa wawili. Mwenzako ni mgonjwa na msimamizi kwa wakati mmoja, na mgonjwa hatakiwi kuongea wala kujitikisa, maana kuongea peke yake kunapandisha presha. Akikwambia "umesahau ya kumi" katikati ya kipimo, ameharibu namba. Kwa hiyo chora mstari kwenye karatasi baada ya hatua ya 8. Juu ya mstari anaweka tiki kwa mkono ulio huru, hatua kwa hatua, bila kukukumbusha lolote. Chini ya mstari anaweka kalamu chini, anatulia, na anajaza baada ya hewa kutoka yote. Kutoka 9 hadi 13 ni hatua tano tu, zinakumbukika. Ndiyo maana orodha haipaswi kurefushwa sehemu hiyo.

Na huyo mgonjwa wa kujifanya anajua mambo ambayo mwalimu aliyesimama pembeni hayaoni. Anahisi kama ulipampu tena kabla hewa haijatoka yote, jambo linalojaza damu kwenye mkono na kufifisha milio. Kubwa zaidi, anaweza kupima kasi yako kwa kutazama saa ya ukutani. Tuseme mapigo yalipotea kwenye 118, ukapampu hadi 148, ukasikia mlio wa kwanza kwenye 122 na wa mwisho kwenye 78. Kutoka 148 hadi 78 ni mmHg 70. Kwa kasi ya 2 ni sekunde 35, kwa kasi ya 3 ni kama sekunde 23. Akikuta umetumia sekunde 12, uliachia karibu 6 kwa sekunde. Kwa moyo unaopiga mara 60 kwa dakika, geji inakuwa imeshuka 6 kati ya pigo na pigo, kwa hiyo sistoli unaisoma chini ya ilivyo na diastoli juu ya ilivyo. Valvu ifunguliwe kwa kidole gumba na cha shahada, kidogo kidogo. Anayeikaza mno kabla ya kupampu huishia kuifungua kwa mshtuko.

Asichoweza mwenzako ni kusikia unachosikia. Kwa hatua ya 13 tumieni stetoskopu ya kufundishia yenye seti mbili za masikio, mwanafunzi wa tatu au mwalimu asikilize, kila mmoja aandike namba zake kabla ya kulinganisha. Bila hiyo, angalieni angalau tarakimu ya mwisho: geji ina mistari ya mbili mbili, hivyo 135 kwenye karatasi ni namba ya kukisia. Na karatasi iliyojaa 120/80, 110/70 na 130/80 ni ya mtu anayezungusha namba.

Msijumlishe alama. Mtu mwenye tiki 14 kati ya 15 aliyekosa hatua ya 6 amefunga kafu ndogo kwenye mkono mnene, na kafu ndogo husoma juu kuliko ukweli. Huyo bado hajapima.

Mkipata 140/90 au zaidi kwa mwenzenu hata baada ya kurudia, karatasi hiyo haibandikwi ubaoni. Ni ya kwake, na anayeambiwa mwingine ni mwalimu wa zamu peke yake. Kubadilishana zamu kufanyike baada ya hatua ya 15, na anayehamia kwenye kiti naye aanze dakika zake 5 upya.