Tangazo la nyumba limejaa maneno? Njoo tulikate

Haya jamani karibuni tena. Kwa wageni, mimi ni dalali wa nyumba huku Kimara, na leo tunakata tangazo. Jana mama mmoja mwenye nyumba Temboni kanipigia, ananiambia mwanangu tangazo nimeliweka kwenye magrupu ya wasap wiki 3 sasa, watu wanauliza tu hawaji kuona. Nikamwambia mama nitumie hilo tangazo nilione. Ndo hili, nalisoma kama lilivyo:

"Habari za wakati huu ndugu zangu wapendwa natumai mu wazima wa afya kama unatafuta sehemu nzuri tulivu ya kuishi wewe na familia yako basi usihangaike tena nyumba nzuri ya kisasa inapangishwa ipo Kimara Temboni ina vyumba viwili kimoja masta sebule kubwa jiko choo cha pablik taili chini gipsam juu madirisha ya aluminiam maji yapo umeme upo fensi ipo majirani wazuri si mbali na barabara karibu na shule na soko na zahanati bei ni maelewano nyote mnakaribishwa..."

Na linaendelea, nimeishia hapo maana pumzi imekata. Sasa niambieni, bei mmeisikia? Haimo. Na mtu anayepitia magrupu kwenye daladala anaona maneno ya kwanza tu pale kwenye orodha ya meseji, yani anaona "Habari za wakati huu ndugu zangu", anapita zake.

Kwanza kopi tangazo lote ulipest pembeni usije ukapoteza kitu. Hiyo mnaijua, twende.

Hatua yenyewe sasa. Fungua picha za nyumba, weka na tangazo karibu. Kila kitu ambacho picha inakionyesha, kifute kwenye maandishi. Taili si naiona hapa? Futa. Gipsam hii hapa, futa. Aluminiam, fensi, sebule kubwa, futa, futa, futa. Sebule mtu ataipima mwenyewe kwa macho, we ukimwandikia kubwa anajua unauza. Afu yale ambayo kila tangazo la Dar linayo, majirani wazuri, sehemu tulivu, nyumba ya kisasa, yote nje, maana hujawahi kuona mtu kaandika majirani wakorofi.

Samahani skrini imezima, hii simu ukiiacha kidogo tu inalala... haya imerudi.

Yanayobaki ndo yale ambayo picha haiwezi kusema. Mimi hapa huwa sibuni, nafungua meseji za watu waliouliza. Mama kaniforwadia za kwake, tuzione: "bei gani", "shingapi mama", "luku ya kwako mwenyewe au mnashea", "kutoka lami mbali?", huyu tena "bei", "maji ya bomba au kisima", huyu anauliza gari inafika. Basi ndo tangazo lenyewe hilo, watu wameshamwandikia, ni kujibu tu.

Nimempigia mama nikamuuliza moja moja. Bei 250,000, kodi ya miezi 6. Luku wanashea nyumba mbili, yeye na mpangaji. Maji ya bomba na tenki lipo. Kutoka lami bodaboda 1,000, kwa mguu dakika 15. Gari ndogo inafika ila mvua ikinyesha sana kile kimlima hakipandiki. Mama akasema hilo la mvua usiliandike mwanangu, na la luku pia liache watalijua wakija.

Hapa naomba mnisikilize vizuri. USIFUTE KASORO. Unapokata tangazo mkono unakimbilia kufuta yale mabaya, unajiambia nafupisha, kumbe unaficha. Mimi mwaka juzi nilikata tangazo la nyumba ya Mbezi, likawa fupi zuri, nikaona neno la kushea luku linaharibu nikalitoa. Nyumba ikapata mpangaji haraka, mtu kalipa, kaja na kirikuu imejaa vitu na mtoto mchanga mgongoni kwa mkewe, ndo anaambiwa pale getini kwamba luku ni moja na mwenye nyumba. Yule kaka ana friji mbili anauza barafu. Alisimama pale na vitu juu ya gari nikakosa cha kumwambia. Hela nilimrudishia yote na ya kirikuu nikamlipa mimi. Kwa hiyo kasoro inakaa kwenye tangazo, tena juu juu, sio chini kabisa. Nikamwambia mama hivyo hivyo, akakubali.

Haya tuandike. Mstari wa kwanza ni mahali, vyumba, bei, kwa mpangilio huo, salamu hakuna. Mimi pia huwa napiga hesabu ya kuingia nzima, kodi ya miezi 6 ni 1,500,000, dalali mwezi mmoja 250,000, jumla 1,750,000. Madalali wenzangu wengi hawaandiki hiyo, mi naandika, maana mtu anataka kujua atoke na shingapi mfukoni.

Mstari wa juu tunaukoleza kwa nyota, na ile mistari mingine unaanza na kistari, unaruka nafasi moja, ndo unaandika. Ngoja nitume kwangu mwenyewe... aaah, mnaona? Nyota zimebaki zinaonekana, maandishi hayajakolea. Nimeacha nafasi kati ya nyota na neno. Nyota igusane na herufi ya kwanza, na ya kufunga igusane na ya mwisho. Narudia, igusane, usiache nafasi. Na kibodi nyingine inaongeza nafasi yenyewe ukichagua neno lililopendekezwa, kwa hiyo tuma kwako kwanza uangalie. Natuma tena... ehee, imekolea.

```
*Kimara Temboni, vyumba 2, 250,000 x 6*
- Luku: mnashea nyumba 2
- Maji: bomba, tenki lipo
- Masta 1, sebule, jiko, choo cha pablik
- Kutoka lami: boda 1,000, mguu dakika 15
- Gari ndogo inafika, mvua kubwa haipandi
- Kuingia: kodi 1,500,000 + dalali 250,000 = 1,750,000

Kuona nyumba: piga au wasap
```

Hizi nyota ni za wasap tu. Ukilipeleka insta zitoe, kule hazikolezi, zitabaki kama mbegu za ufuta. Na insta wanaonyesha mistari kama miwili tu kabla mtu hajabonyeza kuendelea, ndo maana luku nimeipandisha iwe ya pili.

Choo cha pablik nilitaka kukitoa, nikasema picha ipo. Ila picha inaonyesha choo, haisemi kipo nje ya masta, na wageni watakitumia. Kimebaki. Shule na soko nimezitoa, sio kwamba hazina maana, ila "karibu" ya mama ni dakika 20 na ni za kila mtu wa Temboni. Mwenye watoto atauliza. Hapo nafanya hivi, naingia kwenye wasap biashara, majibu ya haraka, nahifadhi jina la shule, soko na zahanati na dakika zake kwa mguu, njia ya mkato naiwekea neno shule. Akiuliza naandika mkwaju na neno moja:

```
/shule
```

Jibu linatokea, naligusa, natuma. Simu ya mama hiyo inaingia, ngoja nipokee.