Kuvisha manyoya gorila wa Kahuzi: kuchana, kushika vishungi, kukata urefu

Karibuni, ndugu na dada. Mzee wetu hapo mbele, samahani kwa sauti ya jenereta, nitajaribu kusema kwa nguvu.

Mnaona ukutani gorila dume aliyetengenezwa kwa Blender, programu ya kutengeneza picha za 3D. Ni yule wa tambarare za mashariki, anayeishi Kahuzi-Biega, kilomita kama 30 kutoka hapa Bukavu. Manyoya yake ni mafupi kuliko ya gorila wa milimani, yule wa Virunga kule juu ya Goma, na ukimvisha ya Virunga, mtu aliyewahi kupanda Tshivanga, kwenye lango la hifadhi ya Kahuzi-Biega, atakuambia mara moja kwamba huyu si wa kwetu. Uso hauna manyoya, viganja havina, kifua cha dume mzima ni karibu kitupu. Mgongoni kuna ile sehemu ya kijivu, na nywele zake ni fupi kuliko za mabegani. Mikononi ndiko nywele zinakokuwa ndefu.

Leo nitashughulika na mkono mmoja tu, kutoka bega hadi kifundo cha mkono. Anayeuweza mkono wa gorila ataweza mbuzi, mbwa na chochote kile, kwa sababu kwenye mkono huu matatizo yote matatu, kuchana, vishungi na urefu, yanakutana.

Tuanze na nywele za mwongozo. Hatuchani nywele zote. Tunapanda chache, kwenye mkono mzima mia moja au mia mbili zinatosha, tunazichana kwa brashi ya `Comb`, kisha modifaya ya `Interpolate Hair Curves` inajaza zilizobaki kwa kuangalia zile za jirani. Kabla ya hapo umbo la mwili liwe na ramani ya UV, yaani ngozi iliyokunjuliwa ikawa bapa kama karatasi, ambayo sehemu zake hazikaliani. Manyoya haya hushika ngozi kupitia UV. Mtu anayechukua modeli ya mchezo wa video, ambamo mkono wa kushoto na wa kulia vimewekwa mahali pamoja kwenye UV ili kubana picha, ataona nywele za kushoto zikirukia kulia. Usihangaike na brashi hapo, rudi ukatengeneze UV.

Sasa, nywele zielekee wapi? Wengi wanachana kutoka bega hadi vidole, zote kuelekea chini, kama za mbwa. Kwa gorila sivyo. Nywele za juu ya kiwiko zinashuka, na za kigasha zinapanda, mpaka zinakutana kiwikoni. Angalieni mikono yenu wenyewe, upande wa kidole kidogo, wenye nywele wataona. Darwin aliliandika jambo hili mwaka 1871, akamtaja Wallace aliyedhani kwamba kwa orangutani mpangilio huo unasaidia kumwaga maji ya mvua mikono inapokuwa imekunjwa juu. Kama ndiyo sababu au siyo, hilo tuwaachie wataalamu wa wanyama. Sisi tuna kazi ya kuchana.

Na hapo kiwikoni ndipo programu inapokwama. `Interpolate Hair Curves` inachukua wastani wa nywele za mwongozo zilizo karibu, kwa kawaida nne. Kama mbili zinashuka na mbili zinapanda, wastani wake ni karibu na sifuri. Unywele unaozaliwa katikati unakuwa mfupi, umejikunja, au umesimama wima bila sababu. Kwenye renda, yaani picha inayotolewa mwishoni, utaona mstari wa upara unaozunguka kiwiko, na utafikiri ni wingi wa nywele uliopungua. Utaongeza wingi, na upara utabaki palepale. Dawa yake ni kupanda safu ya nywele za mwongozo zilizobanana kwenye mstari wenyewe wa mkutano, ukizielekeza nje, mbali na mkono, zikitoka kiwikoni kama ncha. Kisha panda nyingine kila upande, zigeuke kidogo kidogo. Mgeuko usitokee kati ya nywele mbili za mwongozo, utokee katika tano au sita. Kiwiko kikikaa vizuri, bega na kigasha ni kazi ya dakika chache, sitazieleza.

Tuje kwenye vishungi. Manyoya ya mnyama anayetembea msituni, anayelala chini, mwenye mafuta ya ngozi na umande, hayasimami unywele mmoja mmoja. Yanashikana ncha. Modifaya yake ni `Clump Hair Curves`, na ndani yake kuna kitu ambacho naona kinawashinda watu kuliko vyote: `Existing Guide Map`. Kikiwa kimewashwa, modifaya inatumia ramani iliyoachwa na ile ya kujaza, maana yake kila kishungi kinakusanyika kwenye unywele wa mwongozo uliouchana kwa mkono. Umepanda nywele 150, basi utapata vishungi 150 vikubwa vya ajabu, mkono unaonekana umesukwa. Ukiona idadi ya vishungi ni sawa na idadi ya nywele ulizopanda, jibu ni hilo. Kizime, kisha weka umbali wako kwenye `Guide Distance`.

Umbali gani? Hapa tupige hesabu, kwa sababu wengi wanachagua kwa macho wakiwa wamekaribia sana kwenye skrini. Tuseme gorila wetu ana upana wa mita 1.5 kwenye picha, na anachukua pikseli 1200. Kila mita ni pikseli 800. Kishungi cha sentimita 2 kitakuwa pikseli 16, kinaonekana vizuri. Cha milimita 5 ni pikseli 4, kinaonekana kama mchirizi. Cha milimita 1 hakifiki hata pikseli moja, kwa hiyo unaipa ordinatere kazi ambayo hakuna atakayeiona. Basi naweka modifaya mbili za vishungi, moja ya mita 0.02 na nyingine ya 0.005, kubwa kwanza, ndogo baadaye. Ndogo inagawanya kubwa. Kwa wingi wa nywele 200,000 kwa mita ya mraba, kishungi kikubwa kinashika nywele kama 100, na kidogo saba hivi. Ukitumia ngazi moja tu, jicho linatambua haraka kwamba vyote vina ukubwa mmoja.

Kuna namba mbili nyingine za kuangalia. `Shape` inasema mvuto unaanza wapi kwenye unywele. Ikiwa 0, nywele zinavutwa tangu kwenye mzizi na ngozi inaonekana kati ya vishungi, mnyama anapata madoa ya upara. Kwenye 0.5 mvuto unakua sawasawa kuelekea ncha, na kwa mkono huu mimi napanda juu kidogo ya hapo. `Factor` ya kishungi kikubwa naiacha karibu na 0.5, kwa sababu ikifika 1 nywele zote zinaungana kabisa na gorila anaonekana ametoka mtoni. Kama ndiyo picha unayoitaka, gorila aliyenyeshewa, basi vizuri, umeipata bure.

Urefu sasa. Swali la kwanza ni ukate lini, kabla ya vishungi au baada. Baada. Kishungi kinavuta ncha ya kila unywele kwenda kwenye ncha ya kiongozi wake. Ukitangulia kukata urefu tofauti, kishungi kitazinyoosha fupi mpaka zilingane na ndefu, na kazi yako imepotea. Kuna `Preserve Length` ya kuzuia hilo, lakini naona ni rahisi zaidi kuweka modifaya ya kukata, `Trim Hair Curves`, mwishoni mwa mstari wa modifaya. Na ndani yake zima `Scale Uniform`. Ikiwa imewashwa, unywele mzima unapunguzwa kuanzia mzizini, hivyo ncha yake haifiki tena kwenye njia ya kishungi na vishungi vinafunguka. Ikizimwa, unywele unakatwa tu pale ulipofika, ukibaki ndani ya kishungi. Ndivyo inavyokuwa kwa mnyama halisi: fupi zimejificha ndani, chache ndefu ndizo zinazotengeneza ncha.

Lakini kuongeza `Random Offset` peke yake hakutoshi. Hiyo inatofautisha unywele na jirani yake, na kwa mbali tofauti hiyo inajifuta yenyewe, makali ya mwili yanakuwa laini tu. Inahitajika tofauti ya eneo kwa eneo pia. Paka ramani kwenye ngozi: nyeusi mgongoni pa kijivu, kijivu kwenye bega, nyeupe kwenye kigasha, kisha pitisha mabaka yasiyo na mpaka mkali, ya sentimita 10 hivi, ili kigasha chenyewe kisiwe sawa kila mahali. Ramani hiyo inaongoza urefu. Mwisho, tengeneza manyoya ya pili kwenye mwili uleule, machache mno, unywele mmoja kwa kila 50, bila vishungi, marefu kidogo kuliko mengine. Hayo ndiyo yanayoshika mwanga pembeni.

Jinsi ya kupima: zima rangi zote, weka taa moja nyuma ya mnyama, renda ndogo ya ukubwa utakaotoa, angalia pembeni mwa mkono tu. Makali yakiwa yamelingana kama mfagio mpya, urefu haujatofautiana. Yakiwa laini bila ncha, vishungi havifanyi kazi. Ukipaka rangi kabla ya kipimo hiki, nyeusi ya gorila itakuficha makosa mpaka siku ya kutoa picha.

Ndiyo, dada, uliza. Anauliza kuhusu ordinatere ya RAM 8. Mkono huu una ngozi kama mita 0.15 za mraba, maana yake nywele 30,000, unaingia bila shida. Mwili mzima utakulemea. Kumbuka ile hesabu ya pikseli: unywele wa milimita 0.1 ni chini ya sehemu moja ya kumi ya pikseli. Fanya uwe milimita 0.3 na upunguze wingi hadi theluthi, yaani 70,000 kwa mita ya mraba. Ngozi itafunikwa vilevile, kwa picha ya mbali hakuna atakayejua, ila usisogeze kamera usoni. Ukipunguza wingi, rudi kwenye kishungi kidogo: kilichokuwa na nywele saba sasa kina mbili au tatu, si kishungi tena. Kipandishe hadi mita 0.008. Unapochana, teremsha `Viewport Amount` ili skrini isikwame. Na kama unatoa video, toa PNG moja moja, usitoe faili moja ya video, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya usiku utapoteza picha moja, na asubuhi utaendelea kuanzia hapo.