Dawa ileile, usingizi tofauti: balungi, antibayotiki na ini

Karibuni. Leo nitazungumzia dawa moja tu ya usingizi, midazolamu ya kumeza, kwa sababu ukiielewa hiyo, nyingine nyingi utazifuata bila taabu.

Mtu akimeza miligramu 10, si zote zinazofika kwenye damu inayozunguka mwilini. Dawa inapita vizuizi viwili. Cha kwanza ni ukuta wa utumbo mwembamba, cha pili ni ini. Kote kuwili anayefanya kazi ni kimeng'enya kilekile, CYP3A4, kinachoivunjavunja dawa kabla haijafika mbali. Kwa mtu mwenye afya, tuseme kwa makadirio kwamba miligramu 4 ndizo zinazopita. Daktari anapoandika 10, hesabu ya hasara hiyo imo tayari.

Sasa aje balungi. Habari yake iligunduliwa kwa bahati nchini Kanada mwaka 1989. Watafiti walikuwa wakipima pombe pamoja na felodipini, dawa ya shinikizo la damu, wakatumia juisi ya balungi kuficha ladha ya pombe. Dawa ikapanda kwenye damu kuliko walivyotarajia. Ndani ya balungi mna kemikali zinazokiharibu kabisa kimeng'enya cha utumbo. Hakizibwi kwa muda kisha kikaachiwa: kinakufa, na utumbo hauna budi kutengeneza kingine, kazi ya siku moja hadi tatu. Ndiyo maana kunywa juisi asubuhi na dawa usiku hakusaidii kitu.

Lakini glasi ya kawaida huishia utumboni, ini haliguswi sana. Midazolamu ikipigwa sindano ya mshipa, balungi haionekani kuibadilisha. Ikimezwa, inayoingia kwenye damu inaongezeka, labda kwa nusu yake, ila ikishaingia inaondoka kwa kasi yake ya siku zote. Usingizi unakuwa mzito zaidi kwa sababu dawa ni nyingi, wala si kwa sababu mwili umeshindwa kuitoa.

Antibayotiki zina makali zaidi. Nasema baadhi, hasa erithromaisini na klarithromaisini. Hizi zinakizuia kimeng'enya utumboni na kwenye ini pia, kwa hiyo dawa inaingia nyingi na kutoka polepole. Watafiti wa Ufini walionyesha mwaka 1993 kwamba erithromaisini ilipandisha jumla ya midazolamu ya kumeza kwenye damu zaidi ya mara 4. Azithromaisini, ndugu yao wa karibu, haina tabia hiyo kwa kiwango cha kutia hofu, na mara nyingi inaweza kuchukua nafasi yao. Rifampisini ya kifua kikuu inafanya kinyume: inaamsha vimeng'enya, kidonge cha usingizi kinakuwa kama hakikumezwa.

Tuje kwenye ini lililosinyaa na kujaa makovu, yaani sirosisi. Hapa natumia tarakimu rahisi ili tuone mwendo wa mambo. Kwa mwenye afya, miligramu 4 zimeingia, na kila baada ya saa 2 nusu inaondoka. Baada ya saa 8 imebaki robo ya miligramu moja, naye anaamka vizuri. Kwa mgonjwa wa ini, kizuizi cha pili kimelegea, zinaingia 8, na nusu inaondoka kila baada ya saa 4. Baada ya saa 8 zimebaki 2. Kidonge kilekile, saa ileile ya kuamka, na dawa iliyobaki ni mara nane.

Mtu huyu asubuhi utamkuta anaongea kwa ulimi mzito na kuyumba akisimama. Akinywa tena usiku, anaanzia pale alipobakia jana. Familia husema anazeeka ghafla. Mimi ningeangalia kwanza orodha ya dawa zake.

Kuna dawa za jamii hiyohiyo zisizopita njia ya CYP3A4. Lorazepamu na oksazepamu huunganishwa moja kwa moja na aina ya sukari kisha hutolewa kwenye mkojo, na ini gonjwa huimudu kazi hiyo kwa muda mrefu zaidi. Balungi na klarithromaisini haziwahusu sana. Ndizo madaktari huzipendelea pale inapobidi.

Inapobidi, narudia. Ubongo wa mgonjwa wa sirosisi huwa umeshaelemewa na sumu ambazo ini limeshindwa kuchuja, hivyo kiwango kidogo cha dawa yoyote ya usingizi kinaweza kumlemea. Akiwa analala mchana na kukesha usiku, anasahau alichokisema, au akinyoosha mikono viganja vinapepesuka, huko si kukosa usingizi kwa kawaida. Hapo kidonge cha usingizi kinawekwa pembeni, na anapelekwa hospitali siku hiyohiyo.