Dera na Mbeleko Havipatani

Akina bibi mlioketi huko nyuma, shikamooni. Mama zangu, karibuni. Kumbeba mtoto mnakujua, sikuja kuwafundisha. Nimekuja kuzungumzia nguo za anayebeba. Na waliowahi kunisikia hapa Temeke wanajua ninakoelekea: naam, dera tena. Mtacheka, lakini nitalisema mpaka mchoke.

Mbeleko haishikwi na fundo peke yake. Inashikwa na msuguano. Khanga ya pamba ikikaa juu ya blauzi ya pamba, kitambaa kinauma kitambaa, na hata ukiifutika tu pale kifuani bila kuifunga, inakaa. Sasa vaa dera la poliesta, lile jepesi linaloteleza, halafu futika khanga juu yake. Unatoka nyumbani mtoto yuko juu, amekumbatia mgongo vizuri. Ukifika kituoni upindo wa juu uliokuwa mabegani kwake umeshuka hadi katikati ya mgongo wake. Makalio yamezama, magoti yaliyokuwa juu ya makalio yananing'inia, mgongo umejikunja na kidevu kimeegemea kifua. Mtoto mdogo kidevu kikibana kifuani, njia yake ya hewa inabanwa. Halii. Mama anadhani amelala.

Utajuaje nawe huna macho kisogoni? Kwanza, uzito. Mtoto hanenepi kati ya Mbagala na Kariakoo. Ukihisi ghafla amekuwa mzito na anakuvuta nyuma, ameshuka. Pili, simu. Mnapiga picha za kila kitu, basi inyanyue simu juu ya bega, piga moja, utazame uso wake. Pua na mdomo vionekane, na kati ya kidevu na kifua paingie vidole viwili. Tatu, na hili lifanyeni kabla ya kutoka mlangoni: inua mkono juu kabisa, kama unavyoshika bomba la daladala. Mbavu zinapanda, kifua kinabadilika, na hapo ndipo khanga ya kufutika inapoachia. Ikilegea sebuleni, barabarani itafunguka.

Najua kuna bibi anasema moyoni, "Sisi tulibeba hivyohivyo na watoto wakakua." Bibi yangu, wewe ulivaa nini? Ulivaa doti yako ya pamba, moja umejifunga, nyingine umembebea mtoto. Hukuvaa dera. Na khanga yenyewe siku hizi si ile. Sokoni zimejaa za poliesta zenye maua mazuri na methali zake. Kuzitambua ni rahisi: chomoa uzi mmoja pembeni, uchome. Pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu laini, poliesta inayeyuka na kuacha punje ngumu. Na hata ya pamba, ikiwa mpya, ina wanga wa kiwandani. Inakaa kavukavu, haishiki jasho wala haishiki nguo nyenzake. Ifue mara mbili tatu ndipo ubebee mtoto.

Mwingine ataniambia hana nguo nyingine ya heshima ya kutokea. Sijasema uache heshima. Tafuta dera la pamba, yapo, au vaa blauzi na sketi, ujitande mtandio wako. Na likikulazimu la kuteleza, usifutike: funga fundo mbili, upindo wa juu juu ya matiti na wa chini tumboni, kwa kitenge kirefu, maana khanga ina kama mita moja na nusu tu na mwenye kifua kikubwa haimtoshi kufunga fundo la maana. Kabla mtoto hajapanda, yavute mbele mapana yote ya dera na uinue pindo kutoka ardhini. Ukiacha mikunjo nyuma, inajaa katikati ya miguu ya mtoto, naye hawezi kupanua mapaja na kukaa. Mbeleko inatakiwa imshike toka goti hadi goti.

Sasa joto. Chukueni mama mmoja, mwezi wa pili, saa saba mchana, jua la nyuzi 32, anakwenda Kariakoo na mtoto wa miezi saba. Mama amevaa shimizi, juu yake dera, kisha mbeleko ya kitenge kizito, na juu ya yote khanga ya kumkinga mtoto na jua. Mtoto ana nepi, fulana, sweta, soksi, na kofia ya sufu. Hesabuni wenyewe nguo zilizoko juu ya mgongo wa mtoto: fulana, sweta, kitenge, khanga. Nne. Na mbele yake kuna mwili wa mama unaochemka kama jiko. Mbeleko yenyewe ni nguo, ihesabuni kama nguo. Hapa sweta linatoka, kofia ya sufu inatoka, soksi zinatoka, shimizi linabaki nyumbani. Ile khanga ya juu inatoka pia, maana inafunika uso na kuzuia hewa; jua likingwe kwa mwavuli, au kofia nyepesi ya pamba yenye ukingo.

"Atapata nimonia!" Nimeisikia hiyo hata kabla hamjaisema. Nimonia inaletwa na vijidudu, hailetwi na upepo wa Magogoni. Kinga yake iko kliniki, wiki ya 6, ya 10 na ya 14, si kwenye sweta. Na msinishikie vidole vya mtoto mkasema ana baridi. Vidole na nyayo za mtoto hupoa bure. Ingiza mkono nyuma ya shingo. Pakiwa pamelowa jasho na pana moto, punguza nguo. Akiwa mwekundu, analegea na hataki kunyonya, mshushe, mpeleke kivulini, mnyonyeshe, na asipochangamka upesi nenda hospitali.

Mikanda. Mkoba wa kupitisha kifuani ukiuvaa baada ya kubeba, mkanda unakatiza juu ya mtoto, na kwa mtoto mfupi unapita shingoni. Mwizi akipita na pikipiki akauvuta, anavuta nini? Mkoba ushike mkononi, au uvae mfuko mdogo mbele tumboni, chini ya fundo. Sidiria ile yenye vibano vya plastiki nyuma ya bega, vibano vishushe au vihamishie mbele, maana shavu la mtoto hulala hapohapo. Ukimkuta na alama nyekundu shavuni usimsingizie mbu. Cheni vua. Pini kwenye mtandio toa. Na mafundi cherehani, kama mpo: mzazi anayenyonyesha akikuletea kitenge, zipu iweke ubavuni. Zipu ya mgongoni inamkwaruza mtoto tumbo njia nzima.

Naambiwa muda umekwisha, na sijafika kwenye kubeba ubavuni. Kwa haraka: ni kwa aliyekwisha kukaza shingo, kitambaa kitandazwe bega zima la upande wa pili, kisijikunje kikawa kamba shingoni kwako. Mkanda wa suruali wenye bizimu la chuma vua, paja la mtoto linakaa hapo. Mkoba usiwe bega moja na mbeleko. Bodaboda na mtoto mgongoni, sina ushauri wa nguo. Shuka, panda daladala.

Haya, nani amekuja na dera la kuteleza leo? Mama wa mlangoni, nakuona. Pita mbele na mtoto, na mwenye kitenge kirefu atuazime.